Uzi: Skani moja ina picha tano, programu inanitolea mafaili matatu ya ajabu. Kwa nini haioni mipaka?

MwanaMkunazini
Asalaam aleikum jamaa. Nnaskani albamu za bibi yetu mzaa baba, picha ni nyingi mno kuweka moja moja, skana ni ile ya bapa ya A4, basi napanga nne au tano kwa pamoja kwa 600 dpi halafu nataka kompyuta yenyewe izikate kila moja iwe na faili lake. Natumia GIMP na ile skripti ya Divide Scanned Images. Kuna skani inakata safi kabisa na kuna nyengine ni ovyo tu.
Mfano hii ya leo. Picha tano: tatu nyeusi na nyeupe za zamani zenye ukingo mweupe, moja ya rangi ya harusi ya usiku haina ukingo, na moja paspoti. Nimepata mafaili matatu. La kwanza lina picha mbili zimeshikana. La pili ni babu kwa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, faili limeanzia kichwani likaishia pale koti linapoishia, kanzu yote haimo. La tatu ni harusi, na hiyo ndio imetoka sawa. Paspoti haipo kabisa!! Threshold nimeiacha 25, Size Threshold nimeweka 1000 nimeona kwenye video moja, kwamba inazuia vumbi lisihesabiwe picha.
Tatizo ni nini?

Fundi_Darajani
Waaleikum salaam. Punguza dpi iwe 300. 600 ni mzigo bure, kompyuta inachoka ndio inakata hovyo. Mimi kazi za wateja zote 300 na haijanisumbua.

BintiBububu
mimi nna swali hapo hapo, nikitaka kupanga paspoti 8 kwenye karatasi moja ya picha nizichapishe pamoja natumia hiyo hiyo skripti au kuna nyengine?

Yakhe_Wete
Bi dada yeye anatawanya wewe unakusanya, mkikutana njiani mtagongana 😂

BintiBububu
ok ok nimeona sasa, mnisamehe. naendelea kusoma tu

pikseli_moja
MwanaMkunazini una matatizo matatu hapo, si moja, na kila moja lina sababu yake. Nianze na jepesi.
Paspoti ina upana wa milimita 35. Kwa 600 dpi hiyo ni pikseli kama 827. Umeiambia skripti kitu chochote chini ya 1000 ni uchafu, ikakitupa. Weka 400, vumbi halifiki huko na paspoti itapita. Na hapo Fundi yuko sawa nusu: ukishuka 300 dpi kila kitu kinakuwa nusu ya pikseli, kwa hiyo na Size Threshold lazima uishushe, lakini kompyuta haichoki jamani, hesabu ni ile ile.
Sasa babu. Skripti haijui "picha" ni nini. Inachukua rangi ya usuli kwenye kona moja ya skani, inachagua kila kilichofanana na rangi hiyo kwa kiasi cha ile Threshold yako ya 25, kilichobaki ndio inakiita picha. Usuli wako ni nini? Kama hukuweka kitu juu ya picha basi usuli ni kile kifuniko cheupe cha skana. Ukingo wa picha mweupe, ukuta wa chokaa mweupe, kanzu nyeupe. Weupe umeingia kutoka kifunikoni ukapita ukingoni ukapanda ukutani mpaka kwenye kanzu bila kukutana na kizuizi chochote. Kilichobakia cheusi ni kichwa na koti. Kwa hiyo haikukosea, imefanya ulichoiambia.
Zile mbili zilizoshikana nahitaji kuuliza kwanza: ulipozipanga zilikuwa zimegusana au zina nafasi?

MwanaMkunazini
Zilikuwa karibu karibu ila sidhani kama ziligusana. Kifuniko ndio cheupe, sikuweka kitu.

ShambaLaKarafuu
Hapo kwenye kushikana naweza kusema. Ukingo wa picha za zamani si mweupe tena, umekuwa wa manjano manjano kama chai ya maziwa. Kwa macho yetu mweupe lakini ukiupima umeshavuka hiyo 25, kwa hiyo ukingo huo unahesabiwa ni sehemu ya picha. Zikiwa mbili karibu na katikati kuna kivuli, basi kivuli ni daraja, zinakuwa kitu kimoja.

Fundi_Darajani
Kivuli kinasaidia wewe! Bila kivuli picha yenye ukingo mweupe juu ya kifuniko cheupe huioni kabisa. Kile kimstari cha kijivu ndio mpaka wenyewe.

ShambaLaKarafuu
Kinasaidia upande mmoja tu Fundi. Taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja, kivuli unakipata upande wa pili. Pande tatu zinabaki wazi.

Yakhe_Wete
Au ni uzi. Mie ilinitokea, unywele mmoja umelala kutoka picha hii hadi ile, nikaziona zimefungwa pamoja, nikapangusa kioo nikaskani tena zikaachana. Kioo cha skana yakhe kipanguse, hizi nyumba zetu vumbi la chokaa linashuka kutoka darini kila siku.

pikseli_moja
Zote tatu zinawezekana, kivuli, ukingo wa manjano, na unywele. Bila kuiona skani siwezi kusema ipi. Lakini dawa inafanana: nafasi ya sentimita moja kati ya picha na picha, na usuli usiwe mweupe.
Nunua manila nyeusi, ile isiyong'aa, ikate saizi ya kioo, panga picha, funika na manila ndio ushushe kifuniko. Ukingo mweupe uliokuwa adui yako sasa unakuwa rafiki, maana picha inakuwa imezungukwa na pete nyeupe kamili juu ya weusi. Ndani ya picha kuwe na nini, kanzu, buibui, usiku, haina shida, kwa sababu pete ya nje imefunga. Ila mambo mawili usiyasahau. Kona ambayo skripti inachukulia rangi lazima iwe imefunikwa na manila, isije ikapima kipande cha kifuniko kilichochungulia. Na zima marekebisho ya mwangaza ya moja kwa moja kwenye programu ya skana, maana ikiona weusi mwingi kwenye kioo inadhani picha ni za giza inazipandisha zote nyuso zinakuwa nyeupe pee.

MamaNahla
Hilo la mwangaza ni kweli tupu. Niliweka kitambaa cheusi, wajomba zangu wote wakatoka weupe kama wamepakwa unga. Nikadhani picha zimekufa kumbe ni hicho kitufe.

MwanaMkunazini
Nimerudi. Manila nyeusi imefanya kazi vizuri, zile tatu za ukingo mweupe zimekatika kila moja peke yake, babu kapata kanzu yake 😀 paspoti nayo imetoka. SASA harusi ndio imeharibika!! Ile iliyokuwa sawa mwanzo. Upande wa kulia umeliwa, shangazi kavaa buibui amesimama pembeni kabisa mwa picha na nyuma yake usiku, basi yeye hayumo, picha imeishia kwa bi harusi.

Yakhe_Wete
Shangazi kafukuzwa harusini na manila 😂😂

Fundi_Darajani
Si nilisema. Kila picha na dawa yake. Harusi iskani bila manila, kwisha habari.

pikseli_moja
Ni kitu kile kile cha babu kilichogeuzwa. Picha za studio za rangi za miaka ya 80 na 90 nyingi hazina ukingo, picha inafika mpaka mwisho wa karatasi. Flashi inamulika watu wa mbele, nyuma giza. Giza likifika ukingoni na usuli ni mweusi, mpaka umepotea.
Kwa hiyo Fundi hapa yuko sawa na hiyo ndio njia rahisi kuliko zote: kabla ya kuskani gawa mafungu mawili. Zenye ukingo mweupe, manila nyeusi. Zisizo na ukingo, kifuniko cheupe, isipokuwa zile za mchana zenye mbingu nyeupe imefika juu kabisa, hizo zipeleke fungu la nyeusi. Inakuwa kazi ya macho ya dakika chache na unaokoa saa nyingi za kukata upya.

ShambaLaKarafuu
Na ile ambayo juu ina mbingu nyeupe na chini ina kivuli cheusi cha mti? Nnazo nyingi za shamba. Haiendi nyeusi haiendi nyeupe.

pikseli_moja
Hiyo ndio inanipeleka kwenye manila ya kijani, kijani kikali kile cha duka la vifaa vya shule. Lakini hapo GIMP peke yake inaanza kushindwa, mimi natumia Python na OpenCV.
Fikra ni hii: acha kuuliza "hapa pana giza au mwanga", uliza "hapa pana kijani au hapana". Nyeusi si kijani, nyeupe si kijani, picha nyeusi na nyeupe yote haina rangi kabisa, na picha za rangi za zamani zikififia zinaelekea wekundu, yaani upande wa pili kabisa wa kijani. Kuna namna ya kuandika rangi inaitwa Lab, chaneli yake ya a inapima hicho tu, kutoka kijani hadi wekundu. Kwenye OpenCV kisicho na rangi ni 128, kijani kinashuka chini yake, wekundu unapanda juu. Mwanga na giza havimo humo.

```
import cv2, numpy as np
img = cv2.imread("skani_07.tif")
ndogo = cv2.resize(img, None, fx=0.125, fy=0.125,
                   interpolation=cv2.INTER_AREA)
a = cv2.cvtColor(ndogo, cv2.COLOR_BGR2LAB)[:, :, 1]
_, m = cv2.threshold(a, 0, 255,
                     cv2.THRESH_BINARY + cv2.THRESH_OTSU)
m = cv2.morphologyEx(m, cv2.MORPH_OPEN, np.ones((5, 5), np.uint8))
c, _ = cv2.findContours(m, cv2.RETR_EXTERNAL,
                        cv2.CHAIN_APPROX_SIMPLE)
c = [k for k in c if cv2.contourArea(k) > 8000]
```

Naipunguza skani mara nane kwa ajili ya kutafuta tu, kukata nakata kwenye ile kubwa. Skani ya A4 kwa 600 dpi ni pikseli 4960 kwa 7016, ikipunguzwa inakuwa 620 kwa 877, inamalizika kufumba na kufumbua na vumbi nalo linapotea lenyewe. Mstari wa MORPH_OPEN ndio unaokata nyuzi na nywele za Yakhe_Wete. RETR_EXTERNAL maana yake chukua mzunguko wa nje tu, matundu ya ndani ya picha usiyajali. Na 8000 mwishoni: paspoti kwenye hiyo ndogo ni kama pikseli 13,700, kwa hiyo inapita, takataka hazipiti.

Yakhe_Wete
Nywele zangu zimeingia kwenye kodi, haya.

Fundi_Darajani
Manila ya kijani mimi sikubali. Picha za zamani karatasi yake nyengine nyembamba, ukiweka rangi nyuma inapenya, ule ukingo mweupe unatoka na ukijani. Nyeusi haifanyi hivyo. Na manila ya kijani nyingi zinang'aa, zinarudisha taa.

pikseli_moja
Kupenya ni kweli kwa karatasi nyembamba, zile za studio zenye karatasi nene sijaona tofauti. Kama ni nyembamba rudi kwenye nyeusi. Ya kung'aa usinunue.

ShambaLaKarafuu
Na hizo picha zangu za shamba zina majani ya mikarafuu mpaka ukingoni, si kijani hicho? Zitaliwa.

pikseli_moja
Ijaribu. Majani kwenye picha za zamani ni kijani kilichofifia, kiko karibu na 128 kuliko manila, na mstari wa OTSU unatafuta wenyewe pa kukatia baina ya mafungu mawili. Lakini picha mpya zenye majani mabichi yanayong'aa sikuahidi. Kuna wanaotumia manila ya buluu, ila siye bahari na mbingu zimejaa kwenye picha zetu.

ShambaLaKarafuu
Nimejaribu chache. Nyingi zimepita, moja imeliwa pembe ya chini, na hiyo haina majani hapo wala kijani chochote. Pana mchanga tu.

MamaNahla
Imejikunja? Picha zilizokaa kwenye unyevunyevu wa masika zinajikunja pembe, ikinyanyuka kwenye kioo inapata kivuli na ukungu.

Fundi_Darajani
Skana zile nyembamba za kuchomeka yuesibii haziwezi kitu kilichonyanyuka hata kidogo, zinaona kilicholala kwenye kioo tu. Weka kitabu kizito juu ya kifuniko.

Yakhe_Wete
Kizito lakini si msahafu jamani.

ShambaLaKarafuu
Haikujikunja, nimeitazama. Na iko pembeni mwa kioo kabisa. Labda ile sentimita ya mwisho ya kioo skana haisomi vizuri, sijui.

pikseli_moja
Inawezekana, au manila haikufika hapo. Isogeze katikati uone. Kama bado inaliwa, itazame ile `m` yenyewe, humo nyeupe ni picha na nyeusi ni usuli, ihifadhi kama picha uifungue. Ukiona pembe ni nyeusi kwenye `m` basi tatizo ni rangi, ukiona `m` ni nzima na faili limekatwa basi tatizo liko kwenye hesabu ya kukata. Watu wengi wanabadilisha namba gizani bila kuitazama m.

kijana_wa_Fuoni
Samahani naingilia. Nimechukua kodi ya kukata kwenye mtandao nikaiunga na ya pikseli_moja. Inakuta picha zote sawa lakini zengine zinatoka zimelala ubavu, picha iliyokuwa imesimama inatoka imelala na imekatwa kichwa na miguu, na pembeni pana kijani. Nyengine kwenye skani ile ile ziko sawa. Picha hazikupinda sana, digrii mbili tatu tu.

Fundi_Darajani
Ulizipanga kichwa chini.

kijana_wa_Fuoni
La kaka, kichwa chini ingetoka kichwa chini, hii imelala na upana na urefu umebadilishana.

pikseli_moja
Kodi uliyoichukua ina mstari kama huu `if angle < -45`, sivyo?

kijana_wa_Fuoni
Umo!

pikseli_moja
Ndio hapo. minAreaRect inakupa mstatili mdogo kabisa unaoizunguka picha, yaani kitovu chake, upana, urefu na pembe. Matoleo ya zamani ya OpenCV pembe ilikuwa kutoka -90 hadi kabla ya 0. Kuanzia 4.5.1 wakabadilisha, sasa ni juu ya 0 mpaka 90. Maelezo mengi ya mtandaoni ni ya kabla ya hapo. Picha yako iliyopinda kidogo upande mmoja inapata pembe 2, inazungushwa 2, sawa. Iliyopinda kidogo upande wa pili inapata 88, ule mstari wa -45 haufanyi kitu maana namba haiwi chini ya sifuri tena, basi inazungushwa 88. Ndio maana zengine sawa zengine zimelala. Fanya hivi:

```
for k in c:
    (cx, cy), (w, h), pembe = cv2.minAreaRect(k)
    if pembe > 45:
        pembe -= 90
        w, h = h, w
    M = cv2.getRotationMatrix2D((cx*8, cy*8), pembe, 1)
    sawa = cv2.warpAffine(img, M, (img.shape[1], img.shape[0]),
                          flags=cv2.INTER_CUBIC)
    kipande = cv2.getRectSubPix(sawa, (int(w*8), int(h*8)),
                                (cx*8, cy*8))
```

Tazama nimebadilisha w na h pamoja na pembe, ukibadilisha pembe peke yake utakata kichwa tena. Na ukiona uzi mwembamba wa kijani pembeni usishangae: tulitafuta kwenye ndogo, pikseli moja ya kule ni nane za huku, ambayo ni kama theluthi ya milimita. Mimi nauacha. Ukingo uliokatwa haurudi, uzi wa kijani naweza kuufuta siku yoyote.

kijana_wa_Fuoni
Imekubali. Shukran sana.

MamaNahla
Mie nnaikata theluthi hiyo, haipendezi. Ila ni hiari ya mtu.
Kuna jambo hamjaligusa na ndilo lililonitesa mimi: nyuma ya picha. Nyuma mna maandishi, jina, mahali, mwaka, muhuri wa studio. Nilikuwa naskani mbele zote tano, nazigeuza pale pale, naskani nyuma. Kodi inakata vizuri pande zote mbili, 01 mpaka 05 na 01 mpaka 05. Nikaziunga kwa namba. Kuja kusoma, picha ya watoto wa madrasa nyuma yake imeandikwa "harusi ya Bi fulani, Chake".

Yakhe_Wete
Wameolewa mapema hao.

pikseli_moja
findContours haizipangi kutoka juu kama tunavyosoma. Mara nyingi inaanzia chini kupanda juu, na picha ikisogea milimita chache ulipoigeuza, mpangilio unaweza kubadilika. Zile zilizo safu moja ndio hatari zaidi, ya kushoto imeshuka kidogo mbele, ya kulia imeshuka kidogo nyuma, basi zimebadilishana namba. Kwa hiyo kupanga kwa y peke yake hakutoshi, gawa kwanza kwa safu halafu ndani ya safu panga kwa x:

```
c.sort(key=lambda k: (int(cv2.minAreaRect(k)[0][1] // 290),
                      cv2.minAreaRect(k)[0][0]))
```

290 ni theluthi ya urefu wa skani ndogo, yaani safu tatu. Badilisha kama wewe unapanga safu mbili, na hakikisha kitovu cha picha hakikai juu ya mpaka wa safu.

MamaNahla
Mimi nimeacha kuamini namba. Naweka kipande cha karatasi nyeupe chenye namba kwa penseli pembeni mwa kila picha, chenyewe kinakatwa faili lake, natazama.

MwanaMkunazini
Hicho kipande si kitahesabiwa picha nacho?

MamaNahla
Kinahesabiwa ndio, ndio maana nakiona. Kikubwa kidogo kuliko paspoti. Na usiandike kwa kalamu juu ya picha yenyewe.

ShambaLaKarafuu
Kwenye muhuri wa nyuma angalieni vizuri, ndio unaokuambia picha ni ya wapi. Nyingi za mjini ni za Capital Art pale Kenyatta Road, studio ya tangu 1930.

MwanaMkunazini
Nnazo mbili zina muhuri huo. Na nimekuta moja Bet el Ajaib na mnara wake mzima, watu wamekaa Forodhani mbele. Nilipoiona nikasimama kidogo, maana tangu ule upande ulipoanguka 25 Disemba 2020 mwanangu mdogo hajui ilivyokuwa.

BintiBububu
tuwekee hiyo tuione!

MwanaMkunazini
Inshallah, ila nayo ilishikana na nyengine kwenye skani ya zamani, nairudia kwa manila.

Fundi_Darajani
Mimi bado naona mnajitesa. Photoshop ina Crop and Straighten Photos, unabonyeza mara moja, inakata na kunyoosha. Haina Python haina kijani.

pikseli_moja
Na babu wa kanzu kwenye kifuniko cheupe?

Fundi_Darajani
Hapo itakata ovyo nayo.

pikseli_moja
Haya.

Fundi_Darajani
Lakini kwa manila nyeusi na ukingo mweupe inatosha, mteja haniulizi nimetumia nini. Na mimi naweka picha tatu tu kwa A4, sisongi tano.

Yakhe_Wete
Tatu kwa A4 albamu ya bibi ataimaliza wajukuu wake wakiwa na wajukuu.

ShambaLaKarafuu
Nimeisogeza ile picha yangu katikati. Pembe imepungua kuliwa lakini bado inaliwa. Nimeitazama m kama alivyosema, pembe hapo ni nyeusi kweli. Mchanga wenyewe una rangi ya ajabu, manjano inayoelekea kijani, labda dawa ya studio imebadilika au ukungu umeingia.

MamaNahla
Ukungu. Nipigie picha ya pembe hiyo kwa simu uitume, ukungu una madoa madoa.

pikseli_moja
Au ni plastiki ya albamu imeacha gundi. Hiyo moja iskani na nyeusi kama chini ni mchanga, si kivuli.

ShambaLaKarafuu
Chini mchanga, juu kivuli cha mnazi. Ni tatizo lile lile nililouliza mwanzo, limegeuzwa tu.

pikseli_moja
😅 basi ikate kwa mkono hiyo.

kijana_wa_Fuoni
Au kuna mtu ana manila ya zambarau?

Fundi_Darajani
Zambarau na picha zilizofifia kuwa nyekundu? Zitaungana.

pikseli_moja
Kwa ile yake si nyekundu, imeelekea manjano. Zambarau inaweza kukubali, ila geuza mstari uwe `THRESH_BINARY_INV`, maana sasa usuli ndio ulio juu ya 128. Sijaijaribu.

ShambaLaKarafuu
Kesho nikishuka mjini nitaitafuta.